Bima ya saluni: Mteja akiungua, nani atalipa?

Maji yamemwagika karibu na sinki la saluni, mteja anateleza na kuvunjika mkono. Wiki ifuatayo mwingine anapakwa dawa ya kulainisha nywele, inasahaulika kichwani, na ngozi inaungua. Wote wawili wanadai fidia. Je, msomaji, bima moja itatosha?

Aghalabu haitoshi. Bima ya kawaida ya dhima kwa umma humfaa yule aliyeteleza, kwani aliumizwa na hali ya mahali alipokaribishwa. Aliyeungua aliumizwa na kazi yenyewe, na mikataba mingi huiacha kazi hiyo nje mpaka mwenye saluni aombe iongezwe na kuilipia. Kwa hiyo muulize ajenti waziwazi: "Dawa ikimuunguza mteja, mtalipa?" Akijibu ndiyo, akuonyeshe hayo maneno katika mkataba. Huenda pia kampuni ikataka dawa ijaribiwe kwanza kwenye ngozi. Daftari la jina la mteja, dawa aliyopakwa na saa litakuokoa siku ya madai.

Wizi nao una mtego wake. Mkataba wa wizi wa kuvunja hudai alama: kufuli iliyokatwa au mlango uliobomolewa. Draya ikibebwa mchana mlango ukiwa wazi, mkataba huo kwa kawaida haulipi.

Halafu kuna hesabu. Tuseme mama mwenye saluni mtaani Umoja, Nairobi, ana vifaa vya Sh200,000, lakini ili apunguziwe ada ameandikisha Sh100,000 tu. Wezi wanavunja na kuchukua vya Sh60,000. Yeye anangojea zote, kwani hazijafika hata kiwango alichoandikisha. Kampuni itamwambia kuwa alikata bima ya nusu ya mali yake, hivyo atalipwa nusu ya hasara, yaani Sh30,000. Hapo bado hakijatolewa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba humtaka abebe mwenyewe.

Stima nayo ikipotea na kurudi kwa kishindo, draya ikaungua ndani bila moto kuwaka, bima ya moto kwa kawaida haihusiki. Iko bima ya vifaa vya umeme, ila ilinganishe kwanza na bei ya draya yako. Ikiwa unayo moja iliyozeeka, afadhali uweke akiba ya kununua nyingine.

Mwenye fedha chache, kwa maoni yangu, aanze na bima ya wateja iliyoongezwa madhara ya dawa. Bei ya draya inajulikana, lakini kiasi ambacho korti itaamuru hakijulikani. Wizi ufuate.

Wasaidizi uliowaajiri ni jambo jingine. Hao sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inakutaka uwakatie bima yao, na hapo huna la kuchagua.