Kuishi na Ileostomi Nyumbani

Ileostomi ni njia mpya ya choo ambayo daktari wa upasuaji huitengeneza kwenye ukuta wa tumbo, mara nyingi upande wa kulia chini ya kitovu. Sehemu ya utumbo mwembamba hutolewa nje, ikakunjwa na kushonwa kwenye ngozi, na choo kikaanza kutokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Miongoni mwa sababu zake ni saratani, na pia homa ya matumbo iliyochelewa kutibiwa hadi utumbo ukatoboka. Kolostomi, ambayo hutoka kwenye utumbo mpana, ina matunzo yanayofanana na haya, lakini choo chake kwa kawaida huwa kizito zaidi kwa sababu kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Choo cha ileostomi ni majimaji, na bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo huunguza ngozi, na maji yanayopotea ndiyo yanayowarudisha wagonjwa wengi wodini.

Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevu, kama upande wa ndani wa shavu. Ikifutwa inaweza kutoa damu kidogo, na hilo si tatizo. Haina hisia ya maumivu, kwa hiyo inaweza kukatwa na ukingo wa kibandiko bila mwenyewe kujua. Hii ndiyo sababu macho hufanya kazi ambayo maumivu yangeifanya: stoma hutazamwa kila mfuko unapobadilishwa.

Mfuko humwagwa chooni ukifika theluthi moja, kwa kawaida mara nne hadi nane kwa siku, usiku ikiwemo. Ukiachwa ujae, uzito wake hukivuta kibandiko hadi kikaachia. Kibandiko chenyewe hubadilishwa kila baada ya siku tatu au nne, au mara moja kikianza kuvuja. Kuwasha au kuungua chini yake pia ni dalili ya uvujaji, hata kama nje pamekauka. Saa nzuri ya kazi hii ni asubuhi kabla ya kula, stoma inapokuwa imetulia.

Kibandiko cha zamani huondolewa kuanzia juu kwenda chini, mkono mmoja ukiibonyeza ngozi na mwingine ukikivuta polepole. Ngozi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, basi. Spiriti, dawa za kuua vijidudu na sabuni zenye mafuta hazina nafasi hapa. Mafuta ya kujipaka nayo hufanya gundi isishike. Kisha ngozi hukaushwa kwa kugusagusa bila kusugua, kwa kuwa gundi haishiki kwenye unyevu. Kibandiko kipya hupashwa joto kati ya viganja, huwekwa, kisha hushikiliwa kwa kiganja dakika moja au mbili.

Hatua inayokosewa zaidi ni kukata tundu la kibandiko. Linapaswa kuizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Baada ya upasuaji stoma huwa imevimba, na huendelea kusinyaa kwa wiki 6 hadi 8, hivyo kipimo cha siku ya kutoka hospitali hakifai mwezi mmodja baadaye. Mfano ni mkulima anayeruhusiwa stoma yake ikiwa na upana wa milimita 45, naye anaonyeshwa kukata tundu la milimita 47. Nyumbani anaendelea na kipimo hichohicho. Wiki ya tano stoma imefika milimita 31, na sasa pembeni yake kuna ukanda wa ngozi wa milimita 8 usiofunikwa na kitu, unaologa choo mchana na usiku. Ngozi inakuwa nyekundu, inachubuka na kutoa majimaji. Gundi haishiki tena, uvujaji unaongezeka, na mfuko uliokuwa ukikaa siku tatu haumalizi hata siku moja. Wengi hulaumu ubora wa mifuko. Dawa ya kwanza ni kupima upya na kukata tundu la milimita 34. Ngozi iliyochubuka hunyunyiziwa poda maalumu ya stoma, ya ziada ikapukutwa, ndipo kibandiko kikawekwa. Poda ya watoto haifanyi kazi hiyo.

Sura ya kidonda husaidia kujua chanzo chake. Wekundu ulioizunguka stoma tu huelekeza kwenye tundu kubwa. Wekundu wenye umbo kamili la kibandiko ni dalili ya mzio wa gundi, na vipele vidogo vinavyowasha na kutawanyika pembeni mara nyingi ni fangasi. Hivi viwili vya mwisho huhitaji muuguzi au daktari.

Kuhusu chakula, katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo utumbo bado umevimba, na nyuzinyuzi ngumu zinaweza kuuziba. Mahindi ya kuchoma, makande, bisi, karanga, vipande vya nazi na nyama za chungwa zisizomenywa vizuri huahirishwa, kisha hurudishwa kimoja kimoja, kidogo, vikitafunwa sana. Wali, ugali laini, viazi na ndizi mbivu husaidia choo kuwa kizito. Milo midogo ya mara kwa mara ni bora kuliko sahani moja kubwa ya usiku, ambayo humwamsha mtu kumwaga mfuko.

Kunywa kuna mtego wake. Anayeharisha kwenye mfuko huambiwa anywe maji mengi, lakini ileostomi hupoteza chumvi pamoja na maji, na maji matupu kwa wingi huivuta chumvi zaidi kuelekea kwenye utumbo na kuongeza choo. Soda na juisi tamu hufanya vivyo hivyo. Mfuko ukianza kujaa kupita kawaida, sehemu ya vinywaji hubadilishwa kwa ORS, iliyochanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na chakula hutiwa chumvi. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu humuuliza daktari wake kwanza. Dawa za kulainisha choo hazifai kabisa, na vidonge vinavyoyeyuka polepole vinaweza kupita vizima hadi mfukoni.

Ileostomi iliyotulia hutoa kati ya mililita 500 na 1,000 kwa siku. Jagi lenye alama, lililotengwa kwa kazi hiyo, linatosha kupimia. Choo kikizidi lita moja na nusu kwa siku, hospitali hupigiwa simu siku hiyohiyo. Kizunguzungu unaposimama, mkojo mchache wa rangi nzito na misuli kukakamaa humaanisha maji na chumvi vimeshapungua sana, na hapo hakuna kusubiri kupima.

Kinyume chake pia ni hatari. Stoma isiyotoa chochote kwa saa 4 hadi 6, huku tumbo likinyonga au kujaa, inaweza kuwa imeziba. Kutapika kukiongezeka, mgonjwa hupelekwa hospitali bila kula wala kunywa kitu. Safari hiyohiyo huhitajika stoma ikiwa ya zambarau, nyeusi au kijivu, kwa sababu haipati damu ya kutosha, na pia damu ikitoka ndani yake au isipokoma baada ya kubonyezwa kwa kitambaa dakika chache. Stoma iliyorefuka ghafla au iliyozama ndani, au uvimbe unaotokeza kando yake mtu anapokohoa, huonyeshwa kliniki. Uvimbe huo ni ngiri, na ndiyo maana ndoo ya lita 20 hubebwa na mtu mwingine kwa angalau miezi miwili ya mwanzo.