Barua ya kukosa banda iwahi kabla ya gari kukodiwa

TUSEME msindikaji wa mafuta ya ufuta wa Kilwa Masoko yumo kwenye orodha ya kusubiri banda la Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Kukosa banda atavumilia. Kinachomuudhi ni kuambiwa Agosti mosi, madumu yamekwisha pakiwa na gari limelipiwa.

Kwa hiyo mwandaaji huweka siku ya mwisho ya malipo, mathalani Julai 15. Mabanda yaliyoachwa yakishagawiwa, barua hutoka kesho yake:

“Ndugu, tunasikitika kuwa mwaka huu hukupata banda. Ulikuwa wa tatu kwenye orodha. Banda moja tu liliachwa, akapewa wa kwanza. Sh. 50,000 ulizotanguliza utarudishiwa kabla ya Julai 25. Mwakani ukirudisha fomu kabla ya Mei 31, itaangaliwa kabla ya za waombaji wapya.”

Sababu yenye hesabu huaminika. Ukiandika “nafasi ni chache” tu, atashuku banda limeuzwa kwa mlango wa nyuma. Barua haisemi pia “mwakani utapata”. Ahadi hiyo ikivunjika, fomu hatachukua tena.

Na kwa kuwa barua huchelewa njiani, apigiwe simu siku hiyohiyo.