Vidole Vinapopoa, Kipimo cha Sukari Husema Nini?

Muuguzi wa zamu ya usiku anambonyeza mgonjwa ukucha kwa sekunde 5, kisha anauachia. Kwa mtu mzima wa afya, wekundu hurudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu. Kwa mama huyu wa miaka 54, ambaye maambukizi yameshaingia kwenye damu, ukucha unabaki mweupe hadi sekunde ya 6. Vidole ni baridi. Shinikizo la damu linashikiliwa na dripu ya noradrenalini.

Muuguzi anamtoboa kidole, anakikamua, na mashine ya sukari inaonyesha 3.2. Anajaribu mkono wa pili: 5.1. Damu iliyovutwa muda huohuo kutoka kwenye ateri ya kifundo cha mkono inatoa milimoli 8.4 kwa lita. Mfano huu ni wa kubuni, ila mkanganyiko wa namna hii hauwashangazi wanaohudumia wagonjwa mahututi.

Mashine si mbovu. Tatizo liko kwenye tone lenyewe. Mwili ukiishiwa nguvu ya kusukuma damu, huipeleka kwanza kwenye ubongo na moyo, na mishipa ya ngozi hufungwa. Noradrenalini nayo huzidi kuibana. Damu iliyobaki kidoleni hutembea polepole mno, karibu kutuama, huku chembe hai za hapo zikiendelea kula sukari iliyomo. Tone linalotoka linaeleza hali ya kidole, si ya damu inayofika kwenye ubongo. Kidole kikiwa kimevimba na kikakamuliwa sana, maji ya kwenye nyama huchanganyika na damu na kulichafua tone zaidi.

Afadhali kosa lingekuwa la upande mmoja tu, kwani wahudumu wangezoea kuongeza kidogo kichwani. Haliko hivyo. Wagonjwa mahututi wengi wamepungukiwa damu, na hapo mashine nyingi hukosea kwa kupanda juu. Chembe nyekundu zikiwa chache, sehemu ya majimaji inayofika kwenye kijiti cha kipimo huwa kubwa kuliko mashine ilivyotarajia, na sukari huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kuna mashine za kisasa zinazorekebisha jambo hili. Za bei nafuu mara nyingi hazifanyi hivyo.

Kosa la kupanda juu ndilo la kuogopa zaidi. Mashine ikisoma 6.5 wakati sukari halisi ni 3, pampu ya insulini itaachwa iendelee. Mtu aliye macho angetetemeka, angetoka jasho, angelalamika njaa. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi halalamiki. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2009, majibu ya utafiti wa NICE-SUGAR yalipotoka, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000. Waliobanwa sukari kati ya 4.5 na 6.0 walikufa wengi zaidi, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9 ya wale walioachiwa hadi 10. Sukari kushuka vibaya mno kuliwapata asilimia 6.8, dhidi ya 0.5. Siku hizi kwa kawaida insulini huanzishwa sukari ikifika 10, na shabaha iliyolegea kidogo hivyo huacha nafasi kwa kipimo kukosea.

Ndiyo maana miongozo ya kutibu maambukizi makali inashauri kwamba mgonjwa mwenye mrija wa ateri apimwe sukari kwa damu ya mrija huo badala ya kidole. Anayepewa dawa ya kupandisha shinikizo, mwenye vidole baridi au aliyevimba mikono, na hasa anayetumia dripu ya insulini, ndiye wa kufikiriwa kwanza. Damu huvutwa kwa sirinji yenye heparini na kuingizwa kwenye mashine ya gesi za damu, na jibu hutoka ndani ya dakika chache.

Hata hivyo mrija nao una mtego wake. Husafishwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na yametokea makosa ya kutundika chupa ya glukosi mahali pake. Sampuli husoma sukari nyingi, insulini huongezwa, na mgonjwa anazama. Kwa hiyo muuguzi husoma lebo ya chupa, kisha huvuta kwanza na kutenga damu ya mwanzo, angalau mara tatu ya ujazo wa mrija, ndipo achukue ya kupima.

Pasipo na mrija, damu ya vena hufaa, ikitolewa kwenye mkono usio na dripu na kupelekwa maabara kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi. Kwenye chupa ya kawaida chembe za damu huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na jibu linaweza kushuka likiwa mezani. Na kidole kikisoma chini sana kwa mgonjwa aliyebadilika ghafla, sampuli ya pili huchukuliwa, lakini glukosi hutolewa papo hapo bila kungoja maabara.