Hakuna wa Kuhama Peke Yake

Januari 1950, katika taasisi ya utafiti ya RAND huko Santa Monica, California, wanahisabati Merrill Flood na Melvin Dresher walichora jedwali dogo la visanduku vinne, wakawapa watu wawili walicheze mara 100. Mmoja alikuwa Armen Alchian, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Wa pili alikuwa John Williams, mkuu wa idara ya hisabati hapo hapo RAND. Flood na Dresher walitaka kujua kama watu wenye akili zao wangefika pale ambapo John Nash, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisomea udaktari huko Princeton, alisema mchezo hutulia.

Jedwali lao, au ndugu zake wa karibu, limo leo katika karibu kila kijitabu cha wanafunzi wa nadharia ya michezo. Swali lake ni lile lile: ni kisanduku kipi ambacho wachezaji wakishafika hakuna atakayenufaika akihama? Jibu hilo huitwa msawazo wa Nash. Kulipata ni kazi ya dakika mbili. Kulielewa vibaya nako ni rahisi, kwa hiyo tulifuate jedwali lenyewe hatua kwa hatua.

Alchian anachagua juu au chini. Williams anachagua kushoto au kulia. Wanaamua kwa wakati mmoja, bila kuzungumza. Katika kila kisanduku, namba ya kwanza ni malipo ya Alchian na ya pili ni ya Williams, zote kwa senti za Marekani. Alama ya kutoa maana yake mchezaji anakatwa.

| | Williams: kushoto | Williams: kulia |
|---|---|---|
| Alchian: juu | −1, 2 | ½, 1 |
| Alchian: chini | 0, ½ | 1, −1 |

Anza na Alchian. Jifanye unajua kwamba Williams amechagua kushoto, kisha ufunike safu ya kulia kwa kiganja. Alchian akienda juu anakatwa senti moja. Akienda chini hapati kitu wala hapotezi. Sifuri ni bora kuliko kukatwa, kwa hiyo pigia mstari ile 0. Sasa funika safu ya kushoto. Juu kuna nusu senti, chini kuna senti nzima. Pigia mstari ile 1.

Geukia upande wa Williams. Alchian akiwa juu, kushoto kunampa Williams senti 2 na kulia kunampa 1, basi pigia mstari ile 2. Alchian akiwa chini, kushoto kuna nusu senti na kulia kuna makato ya senti moja, basi pigia mstari ile nusu.

Kisanduku chenye mistari miwili ndicho tunachokitafuta. Hapa kipo kimoja tu, cha chini kushoto, ambapo Alchian anapata sifuri na Williams nusu senti. Kipime uone. Alchian akihama peke yake kwenda juu, anatoka kwenye sifuri na kukatwa senti. Williams akihama peke yake kwenda kulia, anaiacha nusu senti na kukatwa senti. Hakuna mwenye sababu ya kujisogeza, na hiyo ndiyo maana yote ya utulivu katika jedwali: kila mmoja amefanya lililo bora kwake kwa kadiri ya alichofanya mwenzake.

Wanafunzi hukosea katika hatua hizi kwa njia zinazojirudia. Wapo wanaojumlisha namba mbili za kisanduku na kuchagua chenye jumla kubwa, ilhali hakuna mchezaji anayelipwa jumla. Wapo wanaolinganisha malipo ya mchezaji na ya mpinzani wake, wakisema kushoto chini si tulivu kwa sababu Williams anamzidi Alchian. Lakini Alchian hawezi kuhamia kwenye malipo ya Williams. Anaweza tu kupanda au kushuka ndani ya safu ile ile. Kosa la tatu ni kuwahamisha wote wawili kwa pamoja, kutoka pembe moja ya jedwali hadi pembe ya mkabala. Kipimo cha Nash kinamruhusu mmoja tu asogee, huku mwingine akiwa amesimama. Na mwisho, jibu si “sifuri na nusu”. Hayo ni malipo. Msawazo ni jozi ya maamuzi: chini kwa Alchian, kushoto kwa Williams.

Kosa hilo la tatu ndilo linalotufikisha kwenye kiini cha jedwali hili. Tazama kisanduku cha juu kulia. Alchian anapata nusu senti badala ya sifuri, Williams anapata senti nzima badala ya nusu. Kila mmoja amezidi kwa nusu senti. Wangeweza kuhamia huko pamoja na wote wakafaidi, lakini hawakai. Akiwa huko, Alchian anaona kwamba akishuka chini atapata senti nzima. Williams naye anaona kwamba akienda kushoto atapata senti 2. Kila mmoja ana kishawishi cha kuondoka, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anacho pia. Kisanduku kizuri kinavuja, kibaya kinashika.

Mwaka huo huo wa 1950, mwanahisabati Albert Tucker, aliyekuwa akiisimamia tasnifu ya Nash, alialikwa kuzungumza na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ili wasichoshwe na namba, aliuvisha mchezo wa aina hii hadithi ya washukiwa wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti, kila mmoja akiahidiwa nafuu akimtaja mwenzake. Hadithi hiyo ikawa maarufu kuliko senti za Flood na Dresher, lakini mifupa yake ni hiyo hiyo.

Je, Alchian na Williams walitulia chini kushoto? La. Katika raundi 100, Alchian alichagua juu mara 68 na Williams alichagua kulia mara 78. Walikutana kwenye kisanduku kizuri mara 60. Kwenye kile ambacho nadharia ilikitaja walikutana mara 14 tu. Mara 8 Alchian alikwenda juu akamkuta Williams kushoto, na mara 18 Williams alikwenda kulia akamkuta Alchian chini. Ukipiga hesabu, Alchian aliondoka na senti 40 na Williams na senti 65. Wangekaa kwenye msawazo muda wote, Alchian angeambulia patupu na Williams senti 50.

Flood na Dresher waliona kwamba hapo nadharia imeyumba. Nash alipopelekewa matokeo, alijibu kwamba jaribio lenyewe lina kasoro. Mtu anayecheza na mtu yule yule mara 100, akiona matokeo ya kila raundi, hachezi michezo midogo 100. Anacheza mchezo mmoja mrefu. Leo nikikugeuka, kesho utanilipa, na hofu ya kesho inabadilisha thamani ya senti ninayoinyakua leo. Jedwali la visanduku vinne halina nafasi ya kuandika kesho. Kwa hiyo kabla ya kusema watu “wamevunja” msawazo, uliza kwanza kama jedwali lililochorwa ndilo wanalolicheza.

Si kila jedwali lina kisanduku kimoja kilichotulia. Chukua madereva wawili wanaokutana barabarani. Wote wakishika kushoto wanapishana salama, wote wakishika kulia wanapishana salama, wakitofautiana wanagongana. Pigia mistari na utapata visanduku viwili tulivu. Tanzania, Kenya na Uganda wamo katika kimoja, wakiendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wamo katika kingine, wakiendesha upande wa kulia. Dereva anayevuka mpaka wa Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hubadili upande bila kubishana, kwa kuwa kilichokuwa bora kwake dakika chache kabla sasa ni ajali. Namba za jedwali hazisemi nchi itulie upande gani. Hilo limeamuliwa na historia, na kuligeuza kunataka watu wote wahame kwa mpigo mmoja, kama Uswidi ilivyohama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967.

Kuna majedwali mengine ambayo hayana kisanduku chenye mistari miwili hata kimoja. Mpiga penati na kipa ni mfano wake. Kipa akijua mpira unakwenda kushoto ataruka huko, na mpigaji akijua hilo atapiga kulia. Kipa naye atafuata, na mzunguko hauishi. Hapo mchezaji hutulia kwa kuchanganya tu, akipiga upande huu mara kadhaa na ule mara kadhaa bila mpangilio wa kubashirika. Nash alithibitisha mwaka 1950 kwamba wachezaji na machaguo yakiwa na idadi yenye kikomo, na kuchanganya kukiruhusiwa, msawazo lazima uwepo angalau mmoja. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten.

Turudi kwenye senti, maana kuna jambo moja ambalo jedwali la RAND linalionyesha wazi. Tuseme anatokea msimamizi na kutangaza faini ya senti moja na nusu kwa kila anayechagua chini au kushoto. Juu kulia bado pana nusu senti ya Alchian na senti moja ya Williams, kwa kuwa hapo hakuna anayetozwa. Alchian akishuka chini, senti yake moja inageuka kuwa hasara ya nusu senti. Williams akienda kushoto, senti zake 2 zinabaki nusu. Hakuna tena mwenye hamu ya kuondoka. Kile kisanduku cha zamani nacho kimepoteza nguvu: pale Alchian sasa anapoteza senti moja na nusu, na akipanda juu atapoteza moja tu, kwa hiyo atapanda.

Wachezaji ni wale wale, na tabia zao ni zile zile. Kilichobadilika ni namba. Ndiyo maana msawazo wa Nash si sifa kwa matokeo wala si pongezi kwa wachezaji. Unajibu swali moja tu: kuna mtu ambaye akihama peke yake atafaidi? Ukikuta watu wamekwama mahali ambapo hakuna anayepapenda, usiwahukumu kwanza kuwa wajinga au wabaya. Chora visanduku vinne, piga mistari, kisha utafute namba ya kubadilisha.