Usimtoroke Mtoto Getini

Kila Januari shule zinapofunguliwa, kwenye geti la chekechea hakukosi vilio. Mtoto kang'ang'ania nguo ya mama, mwalimu anambembeleza, mama naye machozi yanamlengalenga. Anaondoka akijiuliza kama amemwonea mwanawe.

Hujamwonea. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa akizitembelea familia za vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda, akiangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa kituo chake: hutambaa kwenda kuchungulia vitu, akageuka kumtazama, akarudi, kisha akaondoka tena. Mama akitoka, wengi hulia. Analia kwa sababu anajua wake ni nani. Na asiyelia wa kwako, usidhani hakupendi, watoto hawafanani.

Hofu hii huanza mtoto akiwa na miezi 8 hivi, hupanda hadi karibu mwaka mmoja na nusu, kisha hupungua kuelekea miaka 3. Maana yake, tunampeleka chekechea akiwa ndiyo kwanza anatoka kwenye hofu hiyo. Tena hajui saa. Ukimwambia "nitakuja saa sita," hujamwambia kitu. Mwambie kwa mambo anayoyaona: "Mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza nje, halafu mama anakuja."

Chukua mtoto wa miaka 3 ambaye shule yake huanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita mchana. Kama mwalimu anaruhusu, siku ya kwanza mama akae darasani pembeni, asicheze naye, awe tu mahali anapoonekana. Baada ya muda amuage, atoke dakika 20, arudi. Siku ya pili amwache hadi baada ya uji. Siku ya tatu amwache hadi saa sita. Kinachomfundisha mtoto hapo ni kule kurudi: mama aliaga, akaenda, akaja kama alivyosema. Shule isiporuhusu mzazi kuingia, omba angalau kumchukua mapema siku mbili za mwanzo. Na kama kazi haikupi nafasi, shangazi au bibi anayemzoea anaweza kufanya hivyo hivyo.

Sasa kuna kosa ambalo wengi wetu tumefundishwa kuwa ni busara, nalo ni kumtoroka. Mwalimu anampa mwanasesere, mtoto anageuka, mama anachomoka. Siku hiyo utaondoka bila kusikia kilio, lakini mtoto anabaki na funzo baya: mama anaweza kutoweka wakati wowote nikigeuza shingo. Ndiyo maana jioni hakuachi hata uende chooni, na kesho yake anaanza kulia tangu anapovalishwa sare.

Muage wazi, tena kwa ufupi. Inama umtazame usoni, mkumbatie, mwambie unakwenda wapi na utarudi baada ya nini, kisha mkabidhi mkononi mwa mwalimu mmoja, yule yule kila siku. Ukishaaga, nenda. Kurudi mara tatu dirishani kunamfundisha kwamba akilia zaidi utarudi. Watoto wengi hunyamaza dakika chache baada ya mzazi kuondoka. Piga simu baada ya nusu saa uulize, moyo wako utulie. Kipande cha kanga ya mama ndani ya begi humsaidia pia, kwa ile harufu anayoijua. Na kama kwako hataki kabisa kuachia, baba ampeleke wiki hiyo. Mara nyingi kuagana na baba huwa kwepesi.

Usishtuke wiki ya pili. Yupo anayekwenda akicheka wiki nzima ya kwanza, kisha Jumatatu inayofuata anagoma. Ameshaelewa kwamba jambo hili ni la kila siku. Baada ya homa au likizo kilio hurudi vilevile. Rudia utaratibu ule ule. Wala akilia anapokuona mchana, usidhani ameteswa. Alijikaza asubuhi yote, sasa amempata wa kumlilia.

Lakini kuna kilio cha kufuatilia. Ukiambiwa kwamba baada ya wiki nne hivi bado analia asubuhi nzima, hali, hachezi, au ukaona nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani na anashtuka usingizini, kaa na mwalimu mzungumze. Akimwogopa mtu mmoja waziwazi, au akirudi na alama mwilini ambazo hakuna anayezieleza, usingoje wiki hizo nne. Nenda siku hiyo hiyo, omba kuliona darasa likiwa katikati ya masomo, na usimrudishe hadi upate maelezo yanayokuridhisha.