Mistari inayokatana kwa pembe mraba

Chora parabola zote za y = cx². Kila thamani ya c inatoa parabola yake, na zote zinapita kwenye asili, yaani (0, 0). Sasa tunataka michirizo mingine ambayo kila inapokutana na parabola itaikata kwa nyuzi 90.

Kwanza tunatafuta mteremko: dy/dx = 2cx. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa sababu wanageuza mteremko huku c ikiwa bado imo. Jibu lao hufaa kwa parabola moja tu. Mwenye c = 1 hupata mteremko wa −1/2 kwenye nukta (1, 2), lakini parabola inayopita hapo ina c = 2 na mteremko wa 4. Zao lake ni −2, ilhali pembe mraba hudai −1.

Kwa hiyo c lazima iondolewe mapema. Kutoka mlinganyo wa mwanzo, c = y/x², hivyo mteremko ni 2y/x. Sasa kila nukta inajieleza yenyewe. Tukiugeuza juu chini na kubadili alama, tunapata mlinganyo wa michirizo tunayoitafuta:

dy/dx = −x/(2y)

Tenganisha herufi: 2y dy = −x dx. Ukitafuta intigrali ya kila upande, unapata x²/2 + y² = k. Hizi ni duaradufu, zenye upana mkubwa kuliko kimo.

Jaribu (1, 1): parabola ina mteremko 2, duaradufu −1/2. Zao ni −1. Kwenye asili pekee kanuni haifanyi kazi, kwani parabola zote hukutana hapo na hakuna duaradufu inayopita.