Delta husogea hata soko likiwa limetulia

Chukua mfano wa fahirisi ya hisa za Marekani, S&P 500, ikiwa pointi 5,000. Mfuko wa pensheni unaohofia bei kuporomoka unanunua opsheni 1,000 za kuuza katika soko la Cboe la Chicago. Bei ya mapatano ni 4,750 na muda uliobaki ni siku 30. Aliyeziuza ni mfanyabiashara wa benki, naye hataki kubahatisha soko litaelekea wapi, kwa hiyo anajikinga.

Kipimo chake ni delta: fahirisi ikisogea pointi moja, thamani ya opsheni inasogea kiasi gani? Mtikisiko unaotarajiwa ukiwa asilimia 20, jibu la kanuni ya Black na Scholes ni takriban 0.18, kwa mwelekeo wa kinyume. Kila opsheni inabeba fahirisi mara 100, hivyo anapaswa kuuza vipande 18,000, yaani mikataba 360 ya siku za usoni yenye vipande 50 kila mmoja.

Tuseme sasa fahirisi haisogei hata pointi moja, lakini hofu inapungua na mtikisiko unashuka hadi asilimia 16. Soko lililotulia lina nafasi ndogo ya kufika 4,750, kwa hiyo delta inashuka hadi 0.13 na mikataba 100 inakuwa ya ziada, anainunua tena. Badiliko hilo la delta linaloletwa na mtikisiko ndilo vana, linalosomeka Vanna kwenye skrini.

Hatari iko upande wa pili. Mtikisiko ukipanda hadi asilimia 30, delta inafika 0.26, naye analazimika kuuza mikataba 160 zaidi, mara nyingi soko likiwa tayari linaanguka. Tarehe 5 Februari 2018, kipimo cha VIX kiliruka kutoka 17 hadi 37 kwa siku moja, huku S&P 500 ikipoteza asilimia 4. Kwa muuzaji wa opsheni za aina hii, kinga iliyopimwa kwa delta ya siku iliyotangulia ilikuwa ndogo mno.

Muda nao hufanya kazi yake kimyakimya, na athari yake kwa delta huitwa chamu, kwenye skrini Charm. Fahirisi ikibaki 5,000 na mtikisiko asilimia 20, siku 20 zikipita delta inabaki 0.06 tu, inayohitaji mikataba 120. Hata wikendi huhesabiwa: kinga iliyotosha Ijumaa jioni huwa kubwa kupita kiasi Jumatatu asubuhi.

Lakini fahirisi ikiwa 4,650, chini ya bei ya mapatano, mambo hugeuka. Siku 30 kabla ya mwisho delta ni 0.63, zikibaki 10 inafika 0.73, na muda uleule unamtaka auze zaidi.

Ndiyo maana dai kwamba vana na chamu hupandisha soko kuelekea Ijumaa ya tatu ya mwezi, opsheni nyingi zinapokwisha, linahitaji tahadhari. Linasimama tu iwapo benki ndizo zilizouza opsheni za kuuza kwa wingi na fahirisi iko juu ya bei zake za mapatano. Bei iko wazi kwa kila mtu, ila idadi ya mikataba iliyo wazi haionyeshi nani yuko upande upi.